Akaunti ya Google inapokataa kurudi: anza na kifaa kinachoijua

Mtu amesahau nenosiri la akaunti yake ya Google. Anafungua ukurasa wa `g.co/recover`, anaandika anwani yake ya barua pepe, anaweka nenosiri la zamani analolikumbuka, anataja namba ya simu aliyoisajili, na kila alichokijaza ni sahihi. Mwishoni anakutana na maneno haya: `Google couldn't verify this account belongs to you`. Anaazima simu ya jirani na kujaribu tena, kisha anakwenda kwenye duka la intaneti, na jibu ni lile lile. Baadaye anaketi mbele ya kompyuta yake kuukuu iliyokuwa nyumbani, anajaza majibu yale yale bila kuongeza hata moja, na akaunti inafunguka.

Wengi huichukulia tofauti hiyo kuwa ni bahati, na ndiyo maana huendelea kujaribu popote walipo kwa matumaini kwamba bahati itawaangukia. Ukweli ni kwamba kompyuta ile kuukuu ilitoa ushahidi ambao simu ya jirani haikuwa nao, na mwongozo huu unaeleza ushahidi huo ni upi, unapoteaje pasipo mwenyewe kujua, na afanye nini aliyekwama.

## Kwa nini majibu sahihi hayatoshi

Anayetaka kurudishiwa akaunti na mwizi wa akaunti husema maneno yale yale: mimi ndiye mwenyewe, nimesahau nenosiri. Hakuna karani wa kumtazama mtu usoni, kwa hiyo mfumo hupima uzito wa kila kinacholetwa mbele yake. Majibu ya maswali ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa, jina la shule na hata nenosiri la zamani vinaweza kuwa vimekwisha kuvuja. Mwaka 2015 watafiti wa Google walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba, kwa watumiaji wa Kiingereza, mtu aliyekisia mara moja tu jibu la swali la chakula unachokipenda zaidi alikuwa na nafasi ya asilimia 19.7 ya kupatia. Mbaya zaidi, wenye akaunti wenyewe mara nyingi walikuwa wameyasahau majibu yao.

Kifaa ni jambo jingine kabisa. Kila unapoingia kwenye akaunti kwa kivinjari, Google huacha humo vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo kivinjari huzirudisha kila kinapoufikia tena ukurasa ule. Vidakuzi hivyo haviwezi kukisiwa wala kukaririwa, na aliyeko mbali hawezi kuviona kwa urahisi. Mahali nako hutoa ushahidi wa namna hiyo: ikiwa kwa miaka miwili umekuwa ukiingia kupitia waifai ya nyumbani kwako Mikocheni, ombi linalotoka kwenye waifai hiyo hiyo linafuata mwenendo unaojulikana, ilhali ombi linalotoka kwenye mtandao mgeni, kwa simu ngeni, linafanana sana na linaloletwa na mwizi. Google haitangazi kila kigezo kina uzito gani, lakini maelekezo yake yenyewe kwa waliokwama yanataja waziwazi mambo matatu: tumia kifaa unachokitumia mara kwa mara, tumia kivinjari kile kile, na uwe mahali unapoingilia kwa kawaida, kama nyumbani au kazini.

Kutokana na hayo, anayehangaika kutafuta majibu bora zaidi akiwa kwenye simu ngeni anashughulikia upande usiofaa wa tatizo. Kwanza apate kifaa, kisha mtandao, na majibu yaje mwisho.

## Dalili: kifaa ni changu, lakini kinakataliwa kama kigeni

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, kwa sababu wana hakika kwamba wameshatimiza sharti la kifaa. Mfumo, hata hivyo, hautambui plastiki na kioo. Unatambua alama zilizomo ndani ya kivinjari fulani. Simu ile ile ikifunguliwa kwa kivinjari kingine huweza kuonekana kama simu mpya.

Sababu iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba mtu amebadilisha kivinjari bila kukusudia. Alizoea kuingia kwa Chrome, lakini kiungo cha kurejesha akaunti ametumiwa ndani ya Facebook, akakigusa humo humo, na ukurasa ukafunguka kwenye kivinjari cha ndani cha programu hiyo, ambacho hakishirikiani vidakuzi na Chrome. Dawa yake ni kunakili anwani, kuifunga programu hiyo, kisha kuifungua Chrome yenyewe na kuandika `g.co/recover` kwa mkono. Walio kwenye kompyuta ya familia wana mtego wa aina yake: Chrome huruhusu wasifu kadhaa, kila mmoja ukiwa na vidakuzi vyake, kwa hiyo mama akijaribu kurejesha akaunti yake ndani ya wasifu wa mwanawe, kompyuta ni ile ile lakini historia yake haimo. Alama ya wasifu iko pembeni juu, upande wa kulia. Iguse uone uko kwa nani.

Kutumia hali fiche, ile iitwayo `Incognito`, ni kosa linalofanywa na wale wanaojihadhari. Fundi amewahi kuwaambia kwamba dirisha fiche ni salama zaidi, nao wanalitumia kwa jambo hili pia. Dirisha hilo huanza bila kidakuzi hata kimoja, na maana yake ni kwamba umeitupa kwa hiari hoja yako nzito kuliko zote kabla ya kuanza kujitetea. Programu za kusafisha simu, zile zinazoahidi kuongeza kasi, nazo huweza kufuta data ya kivinjari, na aliyefuta historia pamoja na vidakuzi juma lililopita ili apate nafasi amefanya jambo lile lile bila kujua.

Kuna pia suala la muda. Tangu mwaka 2022 Chrome haihifadhi kidakuzi chochote kwa zaidi ya siku 400 bila kuhuishwa. Kompyuta mpakato iliyolala kabatini kwa miaka miwili, hata kama wakati wake ilitumika kila siku, inaweza kuwa imebaki bila vidakuzi hivyo. Bado inafaa kujaribiwa, hasa ikiwa katika nyumba ile ile na mtandao ule ule, lakini usiitegemee kama unavyoitegemea kompyuta iliyotumika mwezi uliopita.

Utajuaje kama kifaa kimetambuliwa? Dalili nzuri ni aina ya njia unazopewa. Kifaa kigeni mara nyingi hupewa njia moja au mbili, kisha mlango unafungwa. Kinachojulikana huelekea kupewa nyingi zaidi unapogusa `Try another way`. Simu ya Android ambayo akaunti bado imo ndani yake ina nafasi bora kuliko vyote, kwani huweza kuulizwa tu mchoro au PIN ya kufungulia skrini, nawe ukaruhusiwa kuweka nenosiri jipya hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote jiulize kama kuna simu au tableti, hata yenye kioo kilichopasuka, ambamo Gmail bado inafunguka. Kama ipo, acha kila kitu, uishike hiyo, na usiguse neno la kuondoa akaunti.

## Dalili: nipo nyumbani, lakini naonekana niko kwingine

Mfumo haujui mtaa wako. Kwa sehemu kubwa hukadiria mahali kwa anwani ya IP, ambayo ni ya mtandao uliounganishwa nao. Kutokana na hilo mtu anaweza kuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku na bado akahesabiwa yuko nchi nyingine.

VPN ndiyo inayojulikana zaidi, na wengi huisahau ikiwa imewashwa tangu siku ile walipoihitaji kufungulia mtandao wa kijamii uliozuiwa. Opera Mini haishukiwi kwa kiasi hicho, ingawa hapa kwetu ina watumiaji wengi kwa kuwa inaokoa bando: inapokuwa katika hali yake kali ya kubana data, kurasa hupitia kwenye seva za kampuni yake kabla ya kukufikia, na tovuti unayoitembelea huweza kuona anwani ya seva hizo badala ya yako. Kama siku zote uliingia kwa Opera Mini, basi hiyo ndiyo historia yako na usiibadilishe sasa. Lakini kama ulizoea Chrome, usiende kurejesha akaunti kwa Opera Mini eti kwa sababu bando limebaki kidogo.

Bando la simu lenyewe lina utata wake. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kushirikiana, na anwani hiyo hubadilika kila mara. Pia mawasiliano ya wateja wa mikoani yanaweza kutokea kwenye mitambo iliyoko mji mkubwa, hata mtu wa Mwanza akaonekana yuko Dar es Salaam. Ndiyo maana, pale penye hiari, waifai ya nyumbani au ya ofisini uliyoitumia kwa muda mrefu ni ushahidi ulio wazi kuliko bando. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kutumia chochote isipokuwa bando la laini yake, mwenendo wake wa kawaida ni huo, na kukimbilia waifai ya hoteli ni kujifanya mgeni.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Zima VPN, kisha andika `what is my ip` kwenye kivinjari kile kile utakachotumia, fungua mojawapo ya tovuti zitakazotokea, na uangalie anwani inayotajwa ni ya kampuni gani na nchi gani. Ikisema Norwei au Uholanzi nawe uko Mombasa, sababu ya kukataliwa kwako umeipata.

## Dalili: `Too many failed attempts`

Ujumbe huu humaanisha kwamba umejaribu mno, na kwa kawaida huambatana na ushauri wa kurudi baada ya saa kadhaa. Watu huuchukulia kama adhabu ya kukwepwa, wakahamia kifaa kingine ili waendelee. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi mbaya kuliko huo katika shughuli nzima, kwa sababu mfululizo wa majaribio kutoka vifaa vingi na mitandao mingi ndani ya muda mfupi ndio mwenendo wa anayeshambulia akaunti. Nyamaza hadi kesho. Tumia muda huo kutafuta kile kifaa cha zamani na kukumbuka nenosiri la mwisho, kisha ujaribu mara moja, ukiwa umetulia, katika mazingira sahihi, na ujibu kila swali hata kwa kukisia, kwani Google yenyewe inashauri kukisia kuliko kuruka swali, na inasema kukosea hakukuondoi kwenye mchakato.

Usichanganye ujumbe huo na ule unaokuambia ombi limepokelewa na utajibiwa baada ya saa au siku kadhaa. Huo si kukataliwa. Mfumo hutumia kipindi hicho kumpa mwenye akaunti halisi nafasi ya kupinga ikiwa anayeomba ni mwizi, na kuanzisha ombi jipya kila saa hakuharakishi chochote.

## Mfano: akaunti ya Unguja, mwenyewe yuko Maskati

Tuchukue mtu aliyefungua akaunti yake miaka kadhaa iliyopita kwenye kompyuta mpakato ya duka la familia, Darajani, na akawa anaingia humo kila siku kwa waifai ya dukani. Amehamia Maskati kwa kazi. Simu yake ya zamani imeibiwa, amenunua mpya na kuweka laini ya Omani, na nenosiri amelisahau. Namba ya kurejeshea akaunti ni ile ya Tanzania, ambayo laini yake ilikwenda pamoja na simu. Barua pepe ya kurejeshea ni ya kampuni nyingine, nayo bado anaifungua.

Akijaribu akiwa Maskati, kila kitu ni kigeni kwa wakati mmoja: nchi, mtandao, simu na kivinjari. Msimbo unaotumwa kwenye barua pepe ya kurejeshea anaupata na kuuandika kwa usahihi, na bado anaambiwa haijathibitika. Wengi hushangazwa na hatua hii, wakidhani msimbo ni ufunguo. Msimbo unathibitisha tu kwamba una barua pepe ile ya pili, na mwizi aliyeingia kwenye barua pepe hiyo angekuwa nao vilevile.

Njia iliyo bora ni kuirudisha kazi Darajani. Mdogo wake yuko dukani, kompyuta ipo, na waifai ni ile ile. Mkubwa anampigia simu kwanza kuhakikisha hajafanya usafi wa aina yoyote. "Kaka, hii kompyuta inakwenda polepole, nilikuwa nataka niipige windo mpya," mdogo anasema, na hapo mkubwa anashukuru kwamba amewahi. Anamwelekeza afungue Chrome, aangalie wasifu ulio pembeni kama ni wa dukani, kisha aingie `g.co/recover`. Anwani ya barua pepe kwa kawaida hujitokeza yenyewe kwenye orodha, na hiyo ni dalili njema kwamba kumbukumbu bado zimo. Mdogo anaandika, mkubwa anasoma majibu kwa simu: nenosiri la mwisho analolikumbuka, kisha msimbo unaofika kwenye barua pepe ya pili, ambao mkubwa anauona Maskati na kumtajia papo hapo. Taarifa ni zile zile zilizoshindwa, lakini safari hii zinatoka kwenye kompyuta inayojulikana.

Ukurasa wa kuweka nenosiri jipya ukifunguka, waweke la muda. Mkubwa asikimbilie kuingia kwa simu yake ya Maskati dakika hiyo hiyo, kwani mfumo ungeona kifaa kigeni katika nchi ngeni mara tu baada ya nenosiri kubadilishwa, jambo linaloweza kuzua kizuizi kipya. Kwanza, kwenye kompyuta ile ile ya dukani, waongeze namba ya Omani kuwa namba ya kurejeshea na wahakikishe barua pepe ya pili ni sahihi. Kisha aingie kwa simu yake, akiiacha kompyuta ya dukani ikiwa imeingia, ili ikitokea akaulizwa ni yeye au si yeye, pawepo mahali panapoaminika pa kujibia. Nenosiri la kudumu alibadilishe mwenyewe baadaye, mdogo wake asilijue.

Kazi hii apewe ndugu anayeaminika pekee, wala asipewe mtu wa mtandaoni anayejitangaza kuwa anarejesha akaunti kwa malipo. Mtu huyo hana kompyuta ya Darajani. Akiomba msimbo, anauomba kwa ajili yake.

## Mipaka ya njia hii, na pale kifaa kinapokosekana

Kifaa kinachojulikana hakifuti masharti mengine. Aliyewasha uthibitishaji wa hatua mbili bado anaweza kutakiwa kutoa hatua ya pili, na kama ana zile namba kumi za akiba alizoziandika kwenye daftari, ni wakati wa kulitafuta. Ikiwa mwizi ameingia na kubadilisha namba ya kurejeshea, kasi ni muhimu: kwa siku saba Google inaweza bado kukuruhusu kupokea msimbo kwenye namba au barua pepe ya awali. Katika hali hiyo pekee ningesema usisubiri kusafiri. Tumia kifaa bora kilichopo leo.

Kama simu imepotea na hukuwahi kutumia kifaa kingine, rudisha laini kwanza. Laini mpya yenye namba ile ile, ndani ya simu mpya iliyounganishwa na waifai ya nyumbani, haikupi kifaa kinachojulikana, lakini inakupa namba na mahali, na mawili ni afadhali kuliko hakuna. Angalia pia vifaa usivyovihesabu: tableti ya mtoto, kompyuta ya ofisi ya zamani ambayo mwenzako anaweza kukuruhusu uiketie kwa muda.

Kosa lisilorekebishika hufanyika kwa fundi. Simu imekwama, mwenyewe amesahau nenosiri, fundi anaiflashi ili iwe nyepesi, na kwa tendo hilo anafuta kifaa pekee kilichokuwa kinatambulika. Inapowaka tena, Android hudai akaunti iliyokuwamo awali kabla ya kuruhusu simu itumike, yaani inaomba nenosiri lile lile lililosahaulika. Rejesha akaunti kwanza. Kuflashi kufuate baada ya hapo, na si chini ya saa 24 tangu kubadilisha nenosiri. Ukinunua simu mpya, ya zamani ibaki imeingia kwenye akaunti angalau kwa siku saba, kwa kuwa kwa baadhi ya mabadiliko mazito Google hudai kifaa kilichokwisha kuwa na akaunti kwa muda huo.